Sanduku la mamamkwe linanuka mothboli, na mtoto anakuja Julai

Shangazi, habari yako. Niko na mimba ya miezi nane, mtoto wa kwanza, na tumeambiwa ni kijana. Tunaishi Umoja, ukuta wa chumba cha kulala unatoa jasho kila mvua ikinyesha na koti la bwanangu limeshika ukungu. Wiki iliyopita mamamkwe alikuja na sanduku la shali, blanketi na nguo za bebi zenye alilea nazo watoto wake na wajukuu, ndani kumejaa vidonge vyeupe, harufu mpaka kwa koo. Vingine akaviweka kwa wodrobu yetu, ati ni karafuu maiti tu, inafukuza nondo na unyevu. Bwanangu anasema nisimkosee mamake. Mimi inaniuma kichwa, lakini nikisema ukweli saa zingine naipenda, najipata nimefungua wodrobu ninuse. Nimesikia ni mbaya kwa bebi, lakini hata sisi kwetu Busia tulilelewa nazo na hakuna aliyekufa, isipokuwa ndugu yangu mdogo aliwahi kulazwa akiwa mtoto akaongezwa damu, mkojo ulikuwa mweusi kama soda, lakini walisema ni malaria. Nifanye nini na hizi nguo, na kwa wodrobu niweke nini?
Mama Kijana, Umoja

Mama Kijana, barua yako nimeisoma na kikombe cha chai mkononi, na nilipofika kwa huyo ndugu yako nikakiweka chini. Umemtaja kama mtu wa kupitia tu, kumbe ndiye barua yenyewe. Nitamrudia.

Kwanza fungua madirisha, na bwanako, si wewe, atoe vidonge vyote kwa wodrobu. Vyote, mpaka vile vilivyojificha kwa mifuko ya makoti na chini ya karatasi ya droo. Avitie kwa mkebe wenye kifuniko cha kukaza, ule wa mafuta ya kupikia ni sawa, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 hata juala la kufungia kitu ni shida kupata. Mkebe uende na takataka, mikono ioshwe na sabuni. Asivichome, vinashika moto haraka, na asivitupe kwa choo. Sanduku lifungwe likae kwa balkoni ama kwa korido ya juu, popote pale lakini lisilale na wewe chumba kimoja.

Sasa tukae tuongee.

Hiyo ya karafuu maiti sidhani ni kweli, ingawa simlaumu mamamkwe, wauzaji wengi huita kila kitu cheupe chenye harufu karafuu maiti. Kama bwanako anabisha, kabla ya kufunga mkebe atumbukize kidonge kimoja kwa glasi ya maji ya mfereji, glasi ya kutupa si ya kunywea. Karafuu maiti, yaani kafuri, huelea. Kikizama, atie chumvi kwa maji ya vuguvugu akoroge mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, atumbukize tena. Kikielea kwa hayo maji ya chumvi, hiyo ni nafthalini. Kikizama hata hapo, ni ile nyingine inayotumika sana kwa vyoo vya wanaume, paradiklorobenzini. Lakini usidhani kikielea mwanzo ndio uko salama, kafuri yenyewe mtoto akiimeza inamtia degedege, kwa hivyo hiyo glasi ni ya kumaliza ubishi tu, uamuzi ni ule ule.

Nafthalini ni kitu cha ajabu kidogo. Umewahi kuona kidonge kimewekwa Januari kikiwa kama gololi, kufika Juni kimebaki kama punje ya mbaazi, na hakuna hata tone la maji chini yake? Hakikuyeyuka. Kimegeuka kutoka kigumu kikawa hewa moja kwa moja, na hiyo hewa ndiyo dawa. Ili iue viluwiluwi vya nondo lazima ijae mahali pamefungwa kabisa, kama sanduku la chuma lililozibwa kila upande, na ikae humo wiki kadhaa. Wodrobu ya Umoja yenye mlango haufungi vizuri haiwezi hiyo kazi. Ukiisikia harufu ukiwa kitandani, ujue dawa imetoka mahali nondo wako ikaja mahali wewe uko. Kichwa kinakuuma kwa sababu hiyo, na si kichwa peke yake, IARC, wale watafiti wa saratani wa kimataifa, waliiweka mwaka wa 2002 kwa kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa binadamu, na Ulaya waliacha kuruhusu mothboli za nafthalini 2008. Lakini saratani ni mambo ya kuvuta miaka mingi. Kinachonisumbua mimi kwako ni cha siku tatu.

Turudi kwa ndugu yako. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu kuna kimeng'enya kinaitwa G6PD, kazi yake ni kuizuia seli isiliwe na kutu, nikitumia lugha ya mabati. Nafthalini ikiingia mwilini, ini linapoivunja linatoa vitu ambavyo kwa seli ya damu ni kama mvua kwa bati lisilopakwa rangi. Mwenye G6PD ya kutosha anastahimili. Mwenye nayo kidogo, seli zake zinapasuka, damu inapungua ghafla, na rangi ya zile seli zilizopasuka inatokea kwa mkojo, ukawa kama chai ya rangi ama soda nyeusi. Umeona sasa kwa nini nimeweka chai chini?

Sisemi ndugu yako hakuwa na malaria. Malaria kali yenyewe inaweza kufanya mkojo uwe mweusi, na dawa zingine za malaria zinaweza kufanya hivyo kwa mtu wa G6PD kidogo. Ila hivi vitu viwili hutembea pamoja: upungufu huu umejaa sehemu ambazo malaria imekaa vizazi na vizazi, Magharibi, Nyanza, Pwani, kwa sababu unampa mtu kinga kidogo dhidi ya malaria kali. Busia iko hapo hapo.

Na unarithiwa kwa njia ambayo watu wengi hawaielewi, kwa hivyo nisome polepole. Uko kwa kromosomu ya X, na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mamake tu. Kama ndugu yako anao, aliupata kwa mama yenu, na wewe uko na nafasi nusu kwa nusu ya kuubeba bila kuonyesha chochote. Ukiwa unaubeba, kila kijana utakayemzaa naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nao. Ukipiga hesabu, huyo wa Julai ni nafasi moja kwa nne, kama kweli shida ya ndugu yako ilikuwa hiyo. Sasa angalia upande ule mwingine. Mamamkwe akikuambia amelea wana wake wote na hizo shali na wakakua mafahali, anasema ukweli, lakini wale walipata X yake yeye. Mtoto wako wa kiume hapati X ya nyumba hiyo hata kidogo, anapata yako. Afya ya akina baba mkwe na mashemeji haikuambii lolote kuhusu huyu.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, zaidi ya nusu yake kwa wodi ya watoto wachanga hapa hapa Nairobi, hospitali siitaji. Kuna kijana aliletwa akiwa na siku nne, mtoto wa kwanza kama wako, amezaliwa kilo tatu na ushee bila shida yoyote. Mama alisema anasinzia sana na hanyonyi, na nepi iko na doa la kahawia. Nilipomfunua nyayo zilikuwa za manjano, na manjano ikifika kwa nyayo na viganja ujue imepanda sana. Damu yake ilikuwa 8 wakati mtoto wa siku hizo anatakiwa awe juu ya 14. Tukamweka kwa taa ya buluu, tukamwongeza damu, manjano ikashuka. Kesho yake asubuhi imepanda tena. Tukamweka tena. Ikapanda. Tulikuwa tunabishana kuhusu kundi la damu, kuhusu maambukizi, mpaka dada mmoja wa kufagia, mwenye hata hakuwa ameulizwa, akasema hiki kitanda kinanuka kabati ya nyanya yangu. Sisi wote pua zilikuwa zimezoea spiriti. Ilikuwa shali. Kwa taa mtoto anakaa uchi, lakini kila masaa matatu mama akimtoa kumnyonyesha anamfunga na shali nyeupe ya kufumwa, nzuri, kutoka sanduku la shosho, na alikuwa anampaka mafuta kwanza vile sisi wote tunapaka. Nafthalini haiingii kwa maji lakini kwa mafuta inayeyuka vizuri sana, kwa hivyo ile ngozi iliyopakwa mafuta ilikuwa inainyonya kama sifongo. Shali ikatolewa, mtoto akaoshwa, na siku mbili manjano ikashuka ikakataa kurudi. Alienda nyumbani mzima. Walio na bahati mbaya zaidi, ile rangi ya manjano, bilirubini, inaingia kwa ubongo, na anayepona hapo anaweza kubaki na uziwi ama viungo visivyomtii maisha yake yote.

Ndio maana nataka ujue cha kuangalia hata ukishatoa kila kidonge. Watoto wengi hupata manjano kidogo siku ya pili ama ya tatu na inaisha yenyewe, hiyo isikutie hofu. Ya kukimbia nayo hospitali ni manjano ya ndani ya masaa 24 ya kwanza, ama iliyofika viganja na nyayo, ama mtoto wa manjano ambaye ni mlegevu, hanyonyi, anapumua haraka, midomo imepauka, ama mkojo wake unaacha doa la rangi ya chai kwa nepi wakati mkojo wa mtoto mchanga unatakiwa karibu usionekane. Kwa ngozi zetu usiangalie mashavu. Mpeleke mtoto karibu na dirisha mchana, angalia weupe wa macho, fizi, na nyayo. Na tafadhali, hii mambo ya muweke kwa jua la asubuhi itaisha, hapana. Jua la dirishani haliwezi kushindana na damu inayopasuka, linakupotezea tu siku ambayo hukuwa nayo. Ukifika hospitali sema wewe mwenyewe bila kuulizwa: nguo zilikuwa na nafthalini, na ndugu yangu aliwahi kukojoa mkojo mweusi. Hayo maneno mawili yangetuokolea siku mbili kwa yule kijana.

Kuna kipimo cha G6PD, cha damu. Ndugu yako akipimwa leo akiwa mzima ndio jibu la bei nafuu kuliko yote, umpigie simu. Ila mtu akipimwa wakati seli zimetoka tu kupasuka, kipimo kinaweza kumdanganya kwamba yuko sawa, kwa sababu zile zilizobaki ni seli changa zenye kimeng'enya kingi, inabidi kirudiwe baada ya miezi kama mitatu.

Na wewe mwenyewe, hiyo ya kufungua wodrobu unuse. Sikucheki. Wamama wengi wajawazito hutamani vitu vya ajabu, wengine ni odowa, wengine udongo, wengine hizi, na nimeshaona aliyekuwa anazimung'unya kama peremende. Hamu ya namna hiyo mara nyingi inatembea na upungufu wa madini ya chuma, kwa hivyo kliniki ijayo omba wakupime damu na uwaambie kwa nini. Nafthalini unayovuta inapita kwa kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni, hangoji azaliwe ndio aanze kuipata.

Nguo sasa. Usizitupe, shali za kufumwa kwa mkono sio za kutupa, lakini zina kazi. Kosa ambalo kila mtu hufanya ni kuzitumbukiza kwa beseni la maji baridi na omo nyingi. Nafthalini haiyeyuki kwa maji, utafua mpaka mikono ichubuke na harufu itabaki. Kinachoitoa ni hewa na joto, kufua kunakuja baadaye. Zianikwe nje kwa kamba, zimetandazwa si zimekunjwa, siku tatu nne za jua na upepo, jioni zinaingizwa kwa sababu ya umande lakini hazilali chumbani kwenu. Halafu za pamba zifuliwe kwa maji ya moto kabisa na sabuni, zisuuzwe mara mbili, zirudi kwa jua kali. Za sufu ukizitia maji ya moto zitajikunja zibaki za mwanasesere, hizo vuguvugu tu, lakini zipewe siku zaidi za kuning'inia. Usipige pasi kitu ambacho bado kinanuka, unajifukizia usoni.

Utajuaje zimeisha? Chukua chupa kubwa ya kioo yenye kifuniko, safi isiyonuka chochote, tia shali ndani, funga, iache kwa jua saa nzima. Mtu afungue anuse mara moja. Chochote kilichokuwa kimejificha kwa nyuzi kitakuwa kimetoka kimejaa hapo. Ikinuka hata kidogo, inarudi kwa kamba. Wa kunusa asiwe wewe, na asiwe mamamkwe, pua yake ilishazoea miaka mingi, haitasikia. Ita jirani.

Shida ni kwamba Juni na Julai hapa Nairobi jua ni la kuomba, kuna wiki nzima inapita wingu limekaa tu juu ya Dandora. Kwa hivyo usijiwekee matumaini kwamba sanduku lote litakuwa tayari. Nunua chache za kuanzia, hata za Gikomba, vesti nne tano na shali mbili, uzifue vizuri, mtoto aanze na hizo. Za shosho zikipita kwa chupa mwezi wa tisa ama wa kumi, avae tu. Mito ya sponji iliyokuwa kwa sanduku hiyo sasa tupa, sponji inanyonya hiyo hewa na haiachilii.

Wodrobu yenyewe ipanguzwe ndani kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, milango ikae wazi mchana madirisha yakiwa wazi. Mbao na hizo za ubao wa kubandika hushika harufu wiki kadhaa. Kama siku za kujifungua zikifika bado inanuka, isukumwe sebuleni, kwa sababu mtoto atalala chumba hicho hicho na pua yake iko usawa wa godoro.

Tukija kwa unyevu, hapa ndio mamamkwe amekosea kabisa kabisa. Nafthalini haifanyi lolote kwa unyevu wala kwa ukungu. Haifyonzi maji. Inafunika tu harufu ya uvundo, ukungu unaendelea kula koti kimya kimya. Kwa hivyo tafuta maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha foili kama ukubwa wa daftari, kibandike kwa ule ukuta na selotepu kuzunguka pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumba, ukuta wenyewe ni mzima, ni mvuke wenu, wa kupika, wa kupumua, wa nguo mnazoanika ndani, unagonga ukuta baridi unageuka maji. Ukikuta foili kavu juu na maji nyuma yake, ukuta unavuja, bomba ama mvua, na hapo hakuna cha kuweka kwa wodrobu, mpige picha hiyo foili mtumie keateka na landilodi, na muwasumbue.

Ikiwa ni mvuke, wodrobu isiegemee ule ukuta wa nje, ihamie ukuta wa ndani, na ikishindikana ivutwe mbele upana wa kiganja, iinuliwe na matofali. Msianike ndani chumbani. Msijaze nguo mpaka hanga haisogei. Na msirudishe nguo mbichi, mwezi wa saba nguo ya baridi na nguo yenye unyevu mkononi zinafanana, gusa mshipi wa suruali, mfuko na pindo la kola, hizo ndizo hukauka mwisho. Kisha weka sahani ndogo ya chumvi ya meza ndani kwa wodrobu, kijiko kimoja. Chumvi huanza kulowa hewa ikifika karibu asilimia 75 ya unyevu, na huko ndiko ukungu unapendea. Ikiwa kavu baada ya wiki, mmeshinda. Ikilowa ikashikana, bado. Zile boksi za supamaketi za kunyonya maji, zenye kalsiamu kloridi, zinafanya kazi kweli lakini kwa kabati iliyofungwa tu, na yale maji yanayojikusanya chini yanawasha ngozi, yamwagwe mbali na mtoto. Mkaa kwa soksi unasaidia kwa harufu, kwa maji ni kidogo sana, na unatolewa jua kila wiki mbili.

Koti lipelekwe nje, bwanako afunge pua na kitambaa alipige brashi kavu, alipanguze na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, likauke juani. Ukutani kama mtatumia jiki, isiwe siku moja na siki, hizo mbili zikikutana zinatoa gesi mbaya.

Na nondo? Nondo wa nguo anakula sufu, hariri, manyoya, vitu vilivyotoka kwa mnyama. Pamba na poliesta hana haja nazo ila zikiwa na jasho ama mchuzi. Angalia wodrobu yako uniambie kuna nini cha sufu humo zaidi ya hilo koti na hizo shali. Watu wengi Nairobi wanaona ule mdudu wa ukutani anayebeba nyumba yake, kitu cha kijivu bapa kama mbegu ya tikiti, wanakimbilia mothboli. Yule maisha yake ni kula utando wa buibui, vumbi na nywele, ufagio unamtosha. Nondo wa nguo mwenyewe utamjua kwa mashimo yasiyo na mpangilio, utando mwembamba kwa mikunjo, na chenga kama mchanga zenye rangi ya nguo yenyewe. Anayekula ni kiluwiluwi, si yule anayeruka.

Dawa yake ni usafi, na baridi. Sufu ifuliwe kabla ya kuwekwa, ikauke, ifungwe kwa chombo cha kifuniko cha kukaza. Ukishuku tayari ina mayai, ifunge vizuri kwa mfuko usiopitisha hewa, uitie kwa friza halisi, siyo kale kasehemu ka juu ka friji, wiki moja. Mama wa samaki ama wa aiskrimu pale mtaani atakukubalia ukimweleza. Mwarobaini, karafuu, vipande vya mtarakwa ambavyo fundi wa mbao anaweza kukupa bure, hivyo weka kama unapenda harufu, vinamfanya nondo asite kidogo vikiwa vibichi, lakini haviui na nguvu inaisha, msivitegemee kwa koti lenu la pekee.

Mamamkwe usimwambie dawa yake ni sumu, atasikia umemwita muuaji na hapo mtakuwa mmemaliza. Mwite, mwambie ndugu yako aliongezwa damu, mwambie inapita kwa upande wenu na si upande wake, na hiyo ni kweli tupu. Mpe kazi ya kusimamia zile shali kwa kamba. Na kama ana wajukuu wa kutambaa nyumbani kwake, muulize vidonge vingine viko wapi, maana mtoto wa mwaka mmoja anaona peremende. Akimeza kimoja asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta, hayo yanaharakisha kuingia kwa damu, apelekwe hospitali na pakiti mkononi hata akiwa anacheza, kwa sababu mkojo mweusi unaweza kungoja mpaka siku ya pili ama ya tatu.

Mpigie ndugu yako simu leo kabla hujalala, umuulize alipewa dawa gani ile siku.